Maiki ya kubana au maiki ndefu: kumhoji mtu Kariakoo na maneno yasikike

Simama Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, saa tano asubuhi, halafu nyamaza usikilize. Kuna muungurumo wa magari usiokatika, honi za bodaboda zinazotaka njia, na vipaza sauti vya wamachinga vilivyorekodiwa tangazo moja linalojirudia kutwa: bei, bei, bei. Kelele hiyo haina upande. Inatoka barabarani, inagonga kuta za maghorofa na kurudi, na nyingine inatoka kwenye meza iliyo hatua mbili kutoka kwako. Hapo ndipo watu wengi wanapotaka kumhoji mtu kwa kamera ndogo au simu, na hapo ndipo swali la maiki linapokuwa zito: maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, au ile ndefu yenye umbo la mtutu wanayoiita shotigani?

Swali hili mara nyingi hujibiwa kwa kutazama maiki. Mimi naona lijibiwe kwa kutazama umbali kati ya maiki na mdomo, kwa sababu umbali ndio unaoamua karibu kila kitu katika kelele za aina hii. Ukishaujua umbali utakaoupata kweli mtaani, si ule unaoutamani, maiki inajichagua yenyewe.

Tuanze na hesabu, ni nyepesi. Sauti ya mtu ikitoka mdomoni hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Chukua mtu anayeongea kwa sauti ya juu kidogo, kama watu wanavyofanya wenyewe wakizungukwa na kelele, na tuseme sauti yake ni desibeli 80 kwenye sentimita 20 kutoka mdomoni. Kwenye sentimita 40 itakuwa 74, kwenye 80 itakuwa 68, na kwenye sentimita 160 itakuwa 62. Kelele ya mtaa haifuati mtindo huo. Kwa kuwa imekuzunguka, ukisogea hatua moja mbele au nyuma inabaki ileile. Tuiweke desibeli 75, kiwango cha kawaida kabisa kando ya barabara yenye magari.

Maiki ya kubana hupokea sauti kutoka pande zote. Ukiibana kifuani, sentimita 20 chini ya kidevu, inapata sauti ya mtu desibeli 80 na kelele desibeli 75. Sauti iko juu ya kelele kwa 5. Si usafi wa studio, lakini kila neno linasikika, na mtazamaji anajua yuko Kariakoo.

Sasa chukua maiki ndefu uifunge juu ya kamera. Ili mhojiwa aonekane kuanzia kifuani kwenda juu bila kumsogezea lenzi puani, kamera huwa mita moja na nusu hivi kutoka kwake. Tuseme sentimita 160. Maiki hii inapunguza kelele ya pande zote kwa kama desibeli 6, ndefu zaidi huongeza kidogo juu ya hapo. Kwa hiyo kelele inashuka kutoka 75 hadi 69. Lakini sauti ya mtu ikifika pale ni 62. Kelele imeizidi sauti kwa 7. Tofauti kati yake na maiki ya kubana ni desibeli 12, na programu ya kuhariri ikijaribu kurudisha kiasi hicho, mara nyingi maneno husikika kama yanatoka ndani ya ndoo.

Itoe maiki ileile juu ya kamera, iweke kwenye fimbo, na ishushe hadi sentimita 40 kutoka mdomoni. Sauti ni 74, kelele 69. Iko juu kwa 5, sawasawa na maiki ya kubana. Kwa maneno mengine, kinachonunuliwa na maiki ndefu ni ruhusa ya kukaa mbali mara mbili hivi, si zaidi. Anayedhani inavuta sauti kama lenzi inavyovuta picha atakata tamaa siku ya kwanza.

Inafaa kujua kwa nini haivuti. Ule mrija wake una matundu au nyufa ubavuni. Sauti inayotoka mbele inapita moja kwa moja hadi ndani. Inayotoka ubavuni inaingilia matundu mengi kwa nyakati zinazopishana kidogo, na mawimbi yake yanagongana na kufutana. Hilo linafanya kazi vizuri pale tu urefu wa wimbi unapokuwa mfupi kuliko mrija. Mrija wa sentimita 25 unaanza kusaidia kwa dhati kwenye sauti za kama hezi 1,400 kwenda juu: filimbi, breki zinazolia, ncha kali za honi. Muungurumo wa lori uko kwenye hezi 100 hivi, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita tatu. Kwa wimbi la namna hiyo mrija ni kama haupo, na kinachobaki ni uchaguzi mdogo wa upande unaofanywa na kapsuli yenyewe, yaani kile kipokea sauti kilicho ndani ya maiki. Ndiyo maana rekodi ya maiki ndefu kando ya barabara huwa na mngurumo mzito chini hata pale maneno yanapoonekana kuwa safi.

Kuta nazo zina lao. Chini ya daraja la juu, kwenye korido ya maduka, au kwenye uchochoro kati ya maghorofa mawili, sauti ya mhojiwa mwenyewe inarudi kutoka ubavuni na kuingia kwenye yale matundu. Matokeo ni sauti yenye mwangwi mfupi, iliyochubuka, na kila anapogeuza kichwa inabadilika. Mahali pa namna hiyo sioni sababu ya kuhangaika na maiki ndefu kama ya kubana ipo.

Hapa kuna jambo ambalo huwachanganya hata wanaojua: namna ya kumsimamisha mhojiwa hubadilika kulingana na maiki. Ukitumia maiki ya kubana, mgeuze mhojiwa ili mgongo wake uelekee barabarani. Mwili wake utazuia sehemu ya kelele isifike kifuani, hasa zile sauti kali, na pia utapata picha nzuri ya mtaa nyuma yake. Ukitumia maiki ndefu juu ya kamera, msimamo huohuo ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu maiki inayomlenga yeye inalenga pia kila gari linalopita nyuma yake. Kwa maiki ndefu, barabara iwe ubavuni, au nyuma kidogo ya ubavu wa maiki, ndiko inakosikia kidogo zaidi. Nyuma kabisa ya kamera si pazuri kama unavyofikiri, maana maiki nyingi za aina hii zina sikio dogo nyuma, hasa kwa sauti nzito. Mtu anayebadilisha maiki bila kubadilisha msimamo anaweza kuilaumu maiki mpya bure.

Basi kama hesabu zinaelekea kwenye maiki ya kubana, kwa nini rekodi nyingi za maiki hizo zina kasoro? Kwa sababu kasoro zake hazitoki kwenye kelele. Zinatoka kwenye nguo, upepo na mawasiliano ya redio.

Tuanze na nguo. Mahali pazuri ni katikati ya kifua, kama kiganja kimoja chini ya kidevu. Usiibane kwenye kola upande mmoja, maana mhojiwa akigeuka upande wa pili kumtazama anayemuuliza, sauti inafifia katikati ya sentensi. Shati la vifungo lina ukingo wa katikati unaobanika vizuri. Fulana haina, na hapo sumaku husaidia, ila ile mashine ndogo inayorusha sauti bila waya hadi kwenye kamera, ikibanwa nzima moja kwa moja, ina uzito; fulana nyepesi inalegea, maiki inaangalia chini, na kila hatua inagonga tumbo. Ni bora kutumia maiki ndogo ya waya iliyochomekwa kwenye mashine, na mashine yenyewe ikaingia mfukoni au ikabanwa kiunoni. Waya uuzungushe kitanzi kimoja kidogo nyuma ya kibanio, ili ukivutwa, mvutano uishie kwenye kitanzi usifike kwenye maiki.

Kwa mama aliyejitanda mtandio au kuvaa hijabu, maiki ikae juu ya kitambaa, kwenye ukingo wa mbele, isiingie chini yake. Chini ya kitambaa sauti inakuwa butu na msuguano hauishi. Na usimbane wewe. Mkabidhi mkononi, umwelekeze: “Shikamoo mama. Naomba ujibanie hii hapa ukingoni, kidude hiki kiangalie juu kidevuni.” Ni adabu, na pia anaibana mahali anapojua kitambaa chake hakichezi. Kisha mtazame shingoni. Cheni, shanga na kamba ya kitambulisho vinagonga maiki kila anapopumua. Mwombe avisogeze pembeni au avirudishe nyuma. Mwisho mwombe ageuke kulia, ageuke kushoto, anyooshe mkono kama anaonyesha bidhaa, huku unasikiliza kwa hedifoni zinazofunika masikio. Msuguano wa nguo unasikika kama karatasi inayokunjwa, na unakuja pale tu anapojisogeza. Ukiusikia sasa, ni sekunde kumi kurekebisha. Ukiusikia nyumbani, ni vigumu sana kuuondoa.

Upepo una alama yake. Mshale wa kiwango cha sauti unaruka juu wakati hakuna anayeongea, na masikioni unasikia mapigo mazito, bu-bu-bu, yasiyo na mdundo. Katikati ya Kariakoo majengo yanakukinga, lakini nenda Feri au ufukwe wa Coco wakati wa kusi, au Forodhani kule Unguja jioni, na sponji nyeusi iliyokuja na maiki haitoshi. Sponji inafaa kwa pumzi ya mdomo na hewa iliyotulia. Hewa inayotembea inahitaji kofia ya manyoya, kwa maiki zote mbili, na kwa ile ndefu lazima ifunike matundu yote ya ubavuni, si ncha tu. Manyoya yanafanya kazi yakiwa yamesimama. Ukiyabana chini ya ukingo wa koti au yakilowa, umerudi ulikotoka. Kitufe cha LOW CUT, kwenye hezi 80 au 100, kinapunguza ngurumo ya magari, na kiwango cha sauti kinapata nafasi zaidi kabla ya kufika juu kabisa. Lakini upepo ukishaizidi nguvu kapsuli yenyewe, kichujio kinachofuata baada yake hakirudishi kilichokwisha kukatika. Kofia kwanza, kitufe baadaye.

Kuhusu redio: mashine nyingi za bei ya kawaida zinatumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi na Bluetooth, na mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa ni maji, huyazuia vibaya sana. Mashine ikiwa mfuko wa nyuma wa suruali na kamera iko mbele, mwili mzima uko katikati. Iweke upande unaotazama kamera. Watu wanaopita kati yenu nao wanazuia, kwa hiyo zile mita mia zilizoandikwa kwenye boksi zihesabu ni za uwanja mtupu. Sokoni fanya kazi ndani ya mita tano. Sauti ikikatika, tofautisha chanzo chake. Redio ikikosa, sauti inapotea kabisa kwa kipande kifupi na kurudi safi kama ilivyokuwa. Waya mbovu unakwaruza, na ukiutikisa kwenye plagi unakwaruza zaidi.

Plagi ina mtego mwingine, na huu umeharibu kazi nyingi kimyakimya. Plagi ya milimita 3.5 ya kamera ina mistari miwili myeusi; ya simu ina mitatu. Ukichomeka ya kamera kwenye simu, mara nyingi simu haitambui kitu na inaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani, bila kulalamika. Mshale unacheza, unadhani kila kitu kiko sawa. Kipimo ni kukwaruza: kabla ya kuanza, kwaruza taratibu kwa ukucha juu ya maiki iliyo kifuani, kisha kwaruza pembeni mwa simu. Ule mkwaruzo unaosikika kwa nguvu kwenye rekodi ndio unaokuambia maiki gani inarekodi. Fanya hivyo kila unapochomoa na kuchomeka tena.

Kiwango cha sauti kiweke kwa mkono. Ukikiacha kwenye AUTO, kamera itapandisha kila mhojiwa anaponyamaza kufikiri, na mtaa mzima utafura kati ya maneno yake, kisha utashuka ghafla anapoanza tena. Sikio linachoka haraka na kelele inayopanda na kushuka kuliko kelele iliyotulia. Mwambie aongee kama atakavyoongea, kisha rekebisha hadi vilele vya sauti viguse desibeli -12 kwenye kipimo cha kamera, visivuke -6. Watu wa sokoni hupaza sauti wakichangamka, na nafasi hiyo ndiyo akiba yako. Mashine yenye uwezo wa kurekodi njia ya pili kwa kiwango cha chini, tumia uwezo huo.

Haya yote yasikufanye uitupe maiki ndefu. Kuna kazi ambazo ya kubana haiziwezi. Ukiuliza swali moja kwa watu kumi wanaopita, kila mmoja akikupa sentensi mbili, hakuna atakayesimama ubane, upime, ubanue. Ukiwakuta vijana watano kwenye kijiwe wanabishana, huwezi kubana watano. Fundi aliyevua shati, mpagazi mwenye gunia begani, mtoto asiyetulia, mtu asiyetaka kuguswa nguo: hao wote wanahitaji maiki isiyowagusa.

Ila kwa kazi hizo maiki ndefu inahitaji mtu wa pili na fimbo. Mtu wa pili si anasa. Asimame upande ambao kivuli chake hakiingii kwenye picha, fimbo ipite juu mbele ya mhojiwa, maiki iteremke kwa nyuzi kama 45 ikilenga mfupa wa juu wa kifua, sentimita 40 kutoka mdomoni, au 30 kama picha ni ya karibu. Kulenga kifua kunasaidia mtu anapoinamisha kichwa, kwa sababu mdomo unabaki ndani ya eneo la maiki. Kutokea juu, maiki inaangalia ardhi na mwili wa mhojiwa, na barabara inabaki ubavuni, hata kama iko nyuma yake kwenye picha. Kwenye kijiwe, mshika fimbo anageuza maiki kuelekea anayeanza kuongea, na lazima awe amevaa hedifoni, la sivyo anageuza kwa kukisia. Maiki ikae kwenye kishikio cha mpira, na waya uviringishwe kwenye fimbo usining’inie. Kila kidole kinachohama kwenye fimbo kinasikika kama mlango unaobishwa mbali.

Ukiwa peke yako kabisa na unahitaji majibu ya haraka, kuna njia ya tatu ambayo waandishi wa habari hawajaiacha kwa miaka mingi: maiki ya mkono. Unaishika wewe, unamsogezea mhojiwa hadi sentimita 10 au 15 chini ya kidevu, unairudisha kwako kwa swali. Mashine ndogo ya kubana inaweza kufanya kazi hiyo ukiishika kwa vidole viwili na kuvalisha manyoya, mradi kiganja kisifunike tundu la juu. Usimpe mhojiwa aishike. Ataitikisa, ataishusha tumboni anapochangamka, au atampokeza mwenzake.

Kwa hiyo kwa anayeanza, mpangilio wangu wa kununua ni huu. Kwanza seti ya maiki za kubana yenye mashine mbili, moja ya mwuliza swali na nyingine ya mhojiwa, pamoja na maiki mbili ndogo za waya na kofia za manyoya zinazoshika vizuri. Pili hedifoni za kufunika masikio, za waya, kwa sababu za Bluetooth zinachelewesha sauti. Maiki ndefu ije ya tatu, na isinunuliwe bila fimbo, kishikio cha mpira na manyoya yake. Fedha ikitosha maiki peke yake bila fimbo, subiri. Juu ya kamera itakufaa kurekodi mazingira, na hata hilo ni kazi: kabla ya kuondoka sehemu yoyote, rekodi sekunde 30 za mtaa bila mtu kuongea. Utakapokata maneno ya mhojiwa, lile tangazo la machinga nyuma yake litaruka kutoka “elfu tano” hadi katikati ya neno jingine, na kipande hicho ndicho utakachokitandaza chini ya mikato ili isisikike.